Sauti Niliyoiacha Bumula

Andika kwanza kwamba sikuwa mgonjwa. Watu wa huku Kitale husema kwamba nilipokuwa Bumula niliugua, na mimi huwasahihisha kila mara. Nilikaukiwa na sauti. Nilikaukiwa kwa sababu niliimba na kupiga kelele kwenye sherehe hadi majogoo, nikiwa na umri wa mtu anayepaswa kulala mapema, na koo halimwogopi mtu kwa sababu ya mvi zake.

Tulikuwa tumekwenda kuona itara. Anayesoma haya huenda hajui itara ni nini, kwa hiyo mweleze. Ni uchanja wa fito unaotundikwa juu ya mafiga ili kuni zikaushwe na moshi. Watu wa baba yangu walitoka upande wa Mlima Kenya wakaja kulima Trans-Nzoia, na desturi waliyokuja nayo ni hii: binti akichumbiwa, jamaa zake huenda kwa mchumba kuangalia kama itara ipo. Maana yake ni kuangalia kama kuna jiko, kama kuna kuni, na kama mtoto wetu atapika bila kuomba moto kwa jirani. Siku hizi watu huenda safari hiyo kwa ajili ya kuku na picha. Mimi nilikwenda kuangalia itara.

Binti aliyechumbiwa ni wewe, na anayeandika ni wewe, kwa hiyo utanivumilia nikikutaja mbele yako. Wewe ni mtoto wa kike wa kwanza wa mwanangu, na ndiyo sababu umebeba jina langu. Baba yako hukuita "mama" hata anapokutuma chumvi. Katika ukoo wetu, msichana mwenye jina la nyanyake haendi kwa watu mpaka nyanya huyo aulizwe, mbele ya pande zote mbili, kama ameliachilia jina lake liende. Huulizwa asubuhi, wageni wakiwa wameshalala na kula katika boma lile, kwa kuwa tabia ya mji huonekana asubuhi. Jibu hutolewa kwa mdomo. Kutikisa kichwa hakutoshi, na hakuna mtu anayeweza kumsemea. Akinyamaza, amekataa. Shangazi yangu aliwahi kunyamaza, na harusi ile haikufanyika, na mpaka leo hakuna aliyethubutu kumwuliza kwa nini.

Kila mtu katika msafara wetu aliijua habari ya shangazi yangu. Tena kila mtu alikuwa amenisikia nikisema, mwaka ule wote, kwamba Bumula ni mbali na kwamba vijana wazuri wako Kitale pia.

Basi tulifika mchana, tukasimamishwa langoni. Mgeni wa namna hiyo haingii hivi hivi. Huimba mpaka wenyeji waridhike. Kwa upande wao aliyesimama mbele alikuwa nyanya wa kijana, ambaye kwao wanamwita Kukhu. Ni mama mwembamba, mwenye kitambaa cheupe kichwani, aliyeongoza kwaya ya kanisa lao tangu akiwa msichana, na ndiye anayeitwa kuongoza nyimbo za matanga katika vijiji vyote vya jirani. Alitutazama kutoka kulia hadi kushoto, akaniona mimi.

"Nyinyi wa Kitale," akasema, "mmekuja na sauti ama mmeziacha ghalani na mahindi?"

"Tumekuja nazo," nikamjibu. "Nyinyi toeni nta masikioni."

Wanawake wa pande zote mbili wakacheka, na tangu hapo mambo yakawa baina yangu na yeye. Alitoa wimbo, nikautolea jibu. Alipiga vigelegele, nikavirefusha. Tulipoingia ndani tukakuta vijana wameweka spika kubwa kama kabati, na muziki wao ulipoanza sikukubali kushindwa na kabati. Niliimba juu ya muziki huo. Niliongea juu yake. Niliwakemea watoto wa watu juu yake. Jiko la kuku lilikuwa karibu na hema, na moshi ulitujia kila upepo ulipogeuka. Nilikunywa soda na chai, maji sikuyagusa. Nakumbuka Kukhu akinishika mkono, giza lilipokuwa limeingia sana, akinipigia kelele sikioni, "Mkwe, pumzika kidogo." Nilidhani ameshindwa, nikaongeza sauti.

Nilipoamka, nilihisi kama mtu amenisugua kooni kwa gunzi la mahindi. Koo lilikuwa likinikereketa kila nilipomeza mate. Sikuogopa. Nilikaa kitandani nikaanza sala ya asubuhi kwa sauti, kama nifanyavyo kila siku, na midomo yangu ikasema maneno yote, lakini iliyotoka ilikuwa hewa tu. Nilifikiri ni usingizi haujaisha. Nikakohoa kulisafisha koo, nikakohoa tena kwa nguvu, nikavaa kitenge changu, nikatoka.

Watu walikuwa wamekwisha kukaa chini ya hema, wa kwetu upande mmoja, wa kwao upande mwingine. Wewe ulikuwa umeketi katikati, na mchumba wako hatua chache nyuma, akitazama viatu vyake. Baba yako alisimama, akavua kofia.

"Mama," akasema, "tumelala hapa na tumekula hapa. Tunakuuliza mbele ya wote. Unaliachilia jina lako likae katika boma hili?"

Nilifungua mdomo. Ilitoka sauti kama ya mlango wa ghala ambao haujatiwa mafuta, kisha ikakatika. Nilijaribu mara ya pili, na sikupata hata ule mlango. Watu walikuwa wakinitazama, na mimi sijazoea kutazamwa nikiwa sina la kusema. Aibu ilinipanda. Nikafunga mdomo, nikageuka, nikarudi ndani ya nyumba.

Nataka aliyesoma mpaka hapa alione jambo hili kama walivyoliona wao. Nyanya ameulizwa. Nyanya amenyamaza. Nyanya amewapa watu mgongo.

Aliyenifuata alikuwa Kukhu peke yake. Alifunga mlango, akanisogeza karibu na dirisha.

"Sema aa," akasema.

Nikasema. Alisikiliza kama mtu anayesikiliza kama chungu kina ufa, kisha akaketi kitandani akacheka mpaka akashika mbavu. Sauti yake mwenyewe ilikuwa nzito kidogo, basi.

"Hujakataa," akasema. "Umekauka. Si jana nilikuambia upumzike? Mimi nilikuwa naimba, mkwe. Wewe ulikuwa unagombana na spika."

Nilitaka kumjibu ipasavyo. Nikaanza kumnong'onezea, naye akaniwekea kiganja mdomoni, kama mtu anavyomfanyia mtoto kanisani.

"Usinong'one. Watu hudhani kunong'ona ni kupumzisha koo, kumbe ni kulikaza zaidi. Na usikohoe kulisafisha hivyo, unalichubua. Likiwasha, meza mate, ama kunywa maji kidogo. Huko ndani kumevimba tu. Nimeona waimbaji wangu wakipotea hivi kila Krismasi. Nyamaza kabisa, siku chache itarudi."

Kabla hajamaliza, shangazi yako wa Kitale aliingia na kikombe cha tangawizi, ndimu, na pilipili iliyopondwa. Kwetu ndivyo tunavyotibu koo: tunaliadhibu. Nilikinywa chote kwa kuwa sikuwa na sauti ya kukataa, na nilikohoa mpaka machozi yakanitoka. Kukhu alingoja nimalize, akamrudishia shangazi yako kikombe kwa adabu, akaniletea maji ya uvuguvugu.

Kisha alitoka kuwaeleza watu. Nilimsikia kupitia dirishani. Aliwaambia ukweli, kwamba mkwe amekaukiwa na sauti na jibu lingoje. Nikamsikia mwanawe, baba ya mchumba wako, akisema kwa upole, "Mama, wewe ni mtu wa amani, tunakujua. Unamfichia aibu, ama ni sisi unatufichia."

Mtu mwingine akasema, "Ati sauti? Yule aliyetukemea tangu langoni mpaka jogoo akawika?"

Hapo ndipo kijana wako alipokumbuka jambo. Jioni iliyotangulia alikuwa amenionyesha jiko la nyumba aliyokujengea. Ni jiko zuri, lina sinki na mtungi wa gesi. Nilikuwa nimemwuliza mbele ya watu, "Itara iko wapi?" naye akanionyesha mtungi. Nilisema "hm." Ulikuwa mzaha, lakini uso wangu haujui mzaha, Mungu aliniumba hivyo. Sasa, chini ya hema, kijana alisema polepole, "Ni itara. Hakuona itara." Na wote wakakubali, wa kwetu na wa kwao, kwamba hiyo ndiyo sababu. Mimi niko dirishani, nasikia yote, na sina hata mlio wa kuwakanusha.

Baadaye ulikuja wewe. Ulikaa sakafuni, ukaegemeza mgongo kitandani, huku hunitazami.

"Shosho," ukasema, "kama ni itara, tutajenga itara. Kama ni umbali, niambie. Kama ni yeye, niambie pia. Lakini usininyamazie."

Nilitikisa kichwa kwamba si hivyo.

"Unatikisa kichwa," ukasema. "Wewe ndiye uliyenifundisha kwamba kichwa si mdomo."

Ukatoa simu yako, ukafungua mahali pa kuandika, ukaninyoshea. "Basi niandikie." Simu ilibaki hapo baina yetu. Kisha ukakumbuka, uso wako ukabadilika, ukairudisha mfukoni haraka kana kwamba umenitukana. Hukuwa umenitukana. Ulikuwa umesahau tu kwamba sijui kuandika, kwa kuwa katika maisha yako yote sikuwahi kuhitaji kalamu mbele yako. Niliyokuwa nayo yote niliyasema.

Sikujua la kufanya. Nikauchukua mkono wako nikauweka kooni pangu, nikajaribu kulitamka jina letu, mara moja tu. Ulisikia kwa vidole jinsi kitu kinavyosukuma ndani bila kutoka. Uliuacha mkono wako pale baada ya mimi kunyamaza. Vidole vyako vilikuwa baridi, na lilikuwa jambo zuri kwa koo lile.

"Kweli imeenda," ukasema.

Lakini kujua kwamba sauti imeenda si sawa na kujua ingesema nini kama ingekuwepo. Niliiona tofauti hiyo machoni mwako, na haikuondoka.

Baba yako aliamua kwamba msafara urudi Kitale, na kwamba tangazo la ndoa kanisani lingoje mpaka nipone. Alitaka nirudi naye. Kukhu akakataa. Alisema barabara ni vumbi, watu garini wataniongelesha, na mimi sitajizuia kuwajibu. "Mniachie," akasema. "Nitawarudishia akiwa na meno yote." Ukabaki nami, tukalala katika nyumba yake ndogo nyuma ya boma.

Siku zile ndizo ninazotaka uziandike vizuri, bila kuzipamba.

Asubuhi na jioni Kukhu alileta beseni la maji ya moto, akaliacha kidogo lisinichome, akanifunika kwa shuka, nami nikavuta mvuke taratibu. Hakutia kitu humo. Wewe ulitaka kutia dawa ya kuchua ile inayonukia, naye akakuambia mvuke wenyewe watosha, yale makali hukausha. Alinisukutulisha maji ya vuguvugu yenye chumvi kidogo. Kikombe changu cha maji hakikukauka. Alikuwa akipita, anakitazama, kama nimekunywa anatikisa kichwa kwa kuridhika, kama sijakunywa anasimama hapo mpaka ninywe. Asali alinipa kwa kijiko, chai akaninyima, isipokuwa moja nyepesi. Jikoni alinipiga marufuku kwa sababu ya moshi. Mimi ambaye sijakaa bila kupika tangu nikiwa mtoto, nilikalishwa barazani kama bibi harusi.

Alikuambia pia, mbele yangu, neno ambalo nilifurahi kulisikia kwa kuwa halikuwa la majigambo. "Hii ni ya kelele, itaisha. Lakini akipata homa, ama akishindwa kumeza, ama pumzi ikimbana, hatungoji, tunakwenda hospitali Bungoma. Na hata asipoumwa, ikipita wiki mbili tatu bado amekauka, tunakwenda aangaliwe koo. Sauti haichezewi."

Jambo la ajabu ni kwamba yeye pia alinyamaza. Hakuwa na haja; sauti yake ilikuwa imerudi siku ya pili. Lakini tulipokuwa tumeketi barazani tukichambua maharagwe, hakusema neno. Watu wakipita njiani wakimsalimu, anainua mkono tu. Nilifikiri mwanzoni kwamba amechoka. Kisha nikaelewa kwamba mtu anayenyamazishwa peke yake ni mfungwa, na wakiwa wawili ni wenzi. Hatukuwa na lugha moja ya mama, mimi na yeye. Kiswahili chetu kilikuwa cha sokoni na cha kanisani. Siku zile hatukukihitaji. Akiona haragwe lililotobolewa na mdudu, ananionyesha. Nikiona lililo zuri sana, jekundu lenye mistari, namwonyesha. Nimeishi na watu wengi niliowafahamu kidogo kuliko nilivyomfahamu mama huyo kwa maharagwe.

Wakati huo huo kijana wako alikuwa akijenga itara. Alikuwa na jiko la gesi na sinki, lakini alikata fito za mikaratusi, akazibeba mpaka kwenye jiko la nje, akaanza kuzifunga juu ya mafiga. Hakuwa ameona itara maishani mwake. Alijenga kwanza kitu kama kitanda. Kikaanguka. Wazee wa kwao wakaja kumshauri, kila mmoja na shauri lake, na hakuna hata mmoja wao aliyeijua. Nilikuwa nikimtazama kutoka barazani. Fito alikuwa ameziweka chini mno, kuni zingewaka moto siku ya kwanza, na nyumba ingefuata. Nilinyosha mkono juu kumwonyesha apandishe. Yeye alidhani nasema Mungu ndiye ajuaye, akavua kofia.

Wewe ulicheka siku hiyo, kwa mara ya kwanza tangu sherehe. Ukaenda ukamwelekeza mwenyewe, kwa kuwa ulikuwa umeiona itara yangu tangu hujaweza kutembea. Niliwatazama mkibishana kuhusu kamba. Alikuwa anakusikiliza. Hakukatiza maneno yako, na ulipokosea alingoja uone mwenyewe. Mtu mwenye sauti haoni mambo kama hayo, kwa sababu yuko mbioni kusema.

Usidhani kwamba nilikuwa mgonjwa mwema. Sauti ilianza kurudi, nzito, kama ya mzee wa kiume anayeongea ndani ya pipa, na Kukhu akaniambia niiache hapo ilipo, nisiiguse. Alasiri hiyo nilibaki peke yangu. Kuku wakapanda juu ya mahindi yaliyoanikwa uani, mahindi ya watu, wakaanza kuyachakura. Nilipiga mkono, hawakujali. Nikatupa kiatu, wakakizunguka. Basi nikawakemea. Niliwakemea kwa Kikuyu, kwa nguvu zangu zote, kuku wa Bumula ambao hawakijui. Walikimbia, ndiyo. Lakini katikati ya maneno nilisikia kitu kikikatika kooni kama uzi, na sauti yote niliyokuwa nimeiwekea akiba ikaondoka nao.

Kukhu alirudi akanikuta nimeketi na kiatu kimoja. Aliyatazama mahindi, akanitazama mimi.

"Ni kuku?" akaniuliza.

Nikainamisha kichwa.

"Mahindi yanaokotwa," akasema. Akachukua kiatu changu uani, akakipangusa vumbi, akanivika. Hakusema zaidi, wala hakucheka. Tukaanza upya: beseni, chumvi, maji, kimya. Usiku ule nilikusikia ukigeuka kitandani, na nikajua kwamba kwa sababu ya mahindi nimekuongezea siku za kungoja. Nilikugusa nywele. Uliacha kugeuka.

Safari hii nilitii. Nilitii mpaka nikajishangaa. Na sauti ikaja polepole, na Kukhu alinifundisha kuipokea. Asubuhi moja aliniambia nifunge mdomo niungurume kidogo tu puani, kama mama anayembembeleza mtoto aliyekwisha kulala. Nikaunguruma. Haikuniuma. Kesho yake tena, juu kidogo. Kisha akasema, "Leo unaweza kusema maneno machache. Yatie kama chumvi. Usipandishe, usisukume. Ikifika mahali ikikataa, simama."

Ulipiga simu Kitale. Baba yako alikusanya wale waliokuwa kwenye msafara, wakakaa sebuleni kwetu, simu yao mezani. Huku Bumula watu wa boma walikuja wakakaa uani. Sauti yangu ilikuwa ndogo, ndogo kuliko uliyonayo wewe ukiwa na usingizi. Nilikuwa nimewatawala watu kwa sauti yangu maisha yangu yote, na sasa nilikuwa na kiasi cha kijiko.

Kukhu alisimama. Alitazama watu wake, akaweka kidole mdomoni. Redio ikazimwa. Mama mmoja akampa mtoto wake titi anyamaze. Jirani alikuwa akikata majani ya ng'ombe kwa mashine, mtu akaruka ua akamwomba angoje kidogo, mashine ikanyamaza nayo. Kijana wako alikuwa kwenye jiko la nje akifunga kamba ya mwisho, aliiacha ining'inie. Sijawahi kusikia boma la watu wengi likiwa kimya namna ile mchana. Hata kule Kitale, kwenye simu, nilisikia saa ya ukutani ya nyumbani kwangu.

"Mama," baba yako akauliza, na yeye pia aliishusha sauti, "unaliachilia jina lako likae katika boma hilo?"

"Naliachilia," nikasema. "Likae hapa. Nimelala hapa siku nyingi, na nimeridhika."

Ilikwaruza mwanzoni, ikatetemeka mwishoni, lakini ilikuwa yangu, na ilitoka mdomoni. Baba yako akasema, "Tumesikia, mama. Sote tumesikia." Wanawake wa pande zote mbili wakapiga vigelegele, simuni na uani, na mimi sikuvirefusha.

Nilikuwa na maneno mengine. Nilikuwa nimeyahifadhi siku zote zile: juu ya kuamka mapema, juu ya kutomjibu mtu ukiwa na hasira, juu ya fito zile ambazo bado zilikuwa chini kidogo. Nilivuta pumzi niyaanze. Kukhu akaniwekea kikombe cha maji mkononi, nikanywa badala ya kusema. Nawe ukaja ukaketi miguuni pangu mbele ya watu wote, ukaweka uso wako kwenye kitenge changu ukalia, na mimi, ambaye siku zote nimewaambia wasichana wa nyumba yetu waache kulia, nilikuacha ulie mpaka ukamaliza.